Tozo ya kaboni na foleni ya miradi ya umeme: kweli au uongo?

Kwenye vikao vya kuchagua miradi ya umeme, mstari wa tozo ya kaboni ndio wa mwisho kuongezwa kwenye jedwali na wa kwanza kugombaniwa. Mmoja anasema utayazika makaa ya mawe. Mwingine anasema ni mapambo ya kuwafurahisha wafadhili. Wote wawili wanaweza kuwa wamekosea kwenye jedwali lile lile, kwa hiyo tuanze na jedwali lenyewe.

Tuchukue miradi mitatu ya kubuni, kila mmoja ukizalisha uniti bilioni moja kwa mwaka kwa miaka 25 na kuuza kila uniti kwa senti 9 za dola. Mtambo wa makaa ya mawe unajengwa kwa dola milioni 300, na mafuta yake pamoja na uendeshaji ni senti 3.5 kwa uniti. Mtambo wa gesi asilia ni rahisi kujenga, dola milioni 150, lakini kuuendesha ni senti 6. Wa jotoardhi unameza dola milioni 540 kabla taa haijawaka, kisha unaendeshwa kwa senti 2 tu. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10, dola moja inayopatikana kila mwaka kwa miaka 25 ni sawa na dola 9.08 za leo. Zidisha faida ya mwaka kwa namba hiyo, toa mtaji, unapata thamani halisi ya sasa ya kila mradi: makaa milioni 199, gesi milioni 122, jotoardhi milioni 95.

Hiyo ndiyo foleni kabla ya tozo. Kinachobaki kujua ni moshi. Kwa kila uniti, makaa hutoa kama gramu 950 za hewa ukaa, gesi kwenye mtambo mzuri wa mzunguko pacha gramu 370, na jotoardhi tuipe gramu 50.

“Weka tozo yoyote ile, makaa yataenda mkiani.”

Uongo. Weka dola 5 kwa tani. Makaa yanashuka hadi milioni 156, gesi 106, jotoardhi 93. Kila mmoja kapoteza fedha, makaa kuliko wote, lakini hakuna aliyebadilishana nafasi na mwenzake.

Panda hadi dola 10 na jambo la kwanza linatokea mahali ambapo wengi hawapatazami: jotoardhi inaipita gesi, milioni 91 kwa 89, huku makaa yakiwa bado kileleni na milioni 113. Kufikia dola 20 foleni inakuwa imepinduka yote: jotoardhi 86, gesi 55, makaa 27.

Kwa hiyo swali la maana si kama tozo ipo. Swali ni bei gani inayopindua jozi gani, na kuitafuta bei hiyo hakuhitaji programu ya gharama. Chukua tofauti ya thamani kati ya miradi miwili, igawe kwa tofauti ya tani zao, tani za miaka ijayo zikiwa zimepunguzwa kwa kiwango kile kile kilichopunguza fedha. Kati ya makaa na gesi, tofauti ni dola milioni 77. Makaa yanatoa tani 580,000 zaidi kila mwaka, ambazo ukizizidisha kwa 9.08 zinakuwa kama milioni 5.3. Gawanya: dola 14 na senti 60 kwa tani. Kati ya makaa na jotoardhi ni kama dola 12.70, na kati ya gesi na jotoardhi ni dola 9.30. Mtu akikuletea foleni yenye tozo bila bei hizi za kupindua, kakuletea jibu moja na kukuficha mtihani. Huwezi kujua kama matokeo yake yamesimama kwenye mwamba au yataanguka tozo ikipungua dola mbili.

Afrika Kusini inafaa kutazamwa hapa. Kodi yake ya kaboni ilianza tarehe 1 Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani, kiwango kilichosikika kikubwa. Lakini sheria hiyo hiyo ilitoa misamaha ya asilimia 60 hadi 95, kwa hiyo kilicholipwa hasa kilikuwa kati ya randi 6 na 48. Hata hizo 48 zilikuwa zaidi kidogo ya dola tatu kwa wakati ule. Anayeweka randi 120 kwenye mtiririko wa fedha anasoma kichwa cha sheria na kuruka vifungu.

“Tozo ya mazingira kwa kila uniti ni njia nyingine tu ya kutoza kaboni.”

Uongo, na ni kosa linalopita kimya kwa sababu hesabu zake huwa zinajumlika vizuri. Tuseme serikali inatoza senti moja kwa kila uniti itokayo kwenye mafuta ya kisukuku. Makaa yanapoteza dola milioni 91, gesi inapoteza milioni 91 zile zile. Ile tofauti ya milioni 77 kati yao inabaki ilivyo, na ingebaki hivyo hata tozo ingekuwa senti mbili. Jotoardhi iliyosamehewa inaruka hadi nafasi ya pili, na tukipandisha tozo zaidi itashika ya kwanza. Lakini kati ya makaa na gesi tozo hii haioni tofauti, ingawa mmoja anatoa moshi zaidi ya mara mbili na nusu ya mwenzake.

Afrika Kusini imekuwa nayo pia ya namna hii. Tangu 2009 inatoza umeme usiotokana na nishati jadidifu, na mwaka 2012 kiwango kilifika senti 3.5 za randi kwa uniti. Nyuklia imo ndani. Kwa hiyo uniti kutoka Koeberg, mtambo wa nyuklia usio na bomba la moshi, ilibeba mzigo sawa na uniti ya makaa. Kisha kodi ya kaboni ilipokuja, wazalishaji wa umeme waliruhusiwa katika awamu ya kwanza kuikata tozo hii kwenye kodi mpya, ili bei ya umeme isipande. Mchambuzi aliyezijumlisha mbili hizo kwenye jedwali la mtambo wa makaa alimtoza mwekezaji fedha ambazo hakuna aliyezidai.

“Bei inayoua mradi mpya wa makaa inatosha kufunga mtambo wa zamani.”

Uongo, na pengo lake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye jedwali letu, dola 14.60 zilitosha gesi kuyapita makaa. Hapo mtaji wa makaa, milioni 300, ulikuwa bado mfukoni. Sasa tuseme mitambo yote miwili imeshajengwa. Mtaji umekwenda na hauwezi kurudi kwa uamuzi wowote wa leo, kwa hiyo unatoka kwenye hesabu. Kinachoshindana ni gharama ya kuwasha: senti 3.5 za makaa dhidi ya senti 6 za gesi. Ili gesi iwashwe kwanza, tozo lazima izibe senti 2.5 kwa tofauti ya gramu 580. Hiyo ni kama dola 43 kwa tani, karibu mara tatu.

Ndiyo maana wakati wa kuamua una uzito hivi. Kabla ya kumwaga zege, tozo ndogo inatosha kubadilisha chaguo. Zege likishakauka, mtambo utavumilia tozo ambayo ingeuzuia kujengwa.

Uingereza ilionyesha upande wa pili wa hesabu hii. Aprili 2013 ilianza kutoza nyongeza yake ya kaboni juu ya bei ya soko la Ulaya, na kuanzia 2016 nyongeza hiyo ikawa pauni 18 kwa tani. Makaa yaliyokuwa yakitoa kama asilimia 40 ya umeme mwaka 2012 yalibaki na asilimia 2 hivi mwaka 2019. Mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Tozo haikufanya kazi peke yake: kanuni za Ulaya za moshi wa viwandani zilikuwa zinaibana mitambo mikongwe, na upepo wa baharini ulikuwa unapanda. Lakini ilifanya kazi upesi kwa sababu mitambo ya gesi ilikuwa tayari imesimama, mingi ikizalisha chini ya uwezo wake. Bei ilibadilisha zamu ya kuwasha, si ramani ya ujenzi. Nchi isiyo na mitambo ya gesi inayosubiri haiwezi kunakili kasi hiyo kwa kunakili pauni 18.

“Tozo hupunguza faida ya kila anayezalisha.”

Inategemea bei ya umeme inaamuliwaje. Juu tulishikilia senti 9 kama bei ya mkataba isiyobadilika. Kwenye soko la kila saa, ambako mara nyingi mtambo wa gesi ndio unaoweka bei, tozo ya dola 20 inaongeza senti 0.74 kwenye gharama ya gesi na bei ya soko inapanda kwa kiasi hicho. Gesi inarudi pale pale ilipokuwa, milioni 122. Jotoardhi inapanda hadi milioni 153 bila kubadilisha kitu chochote kiwandani. Makaa yanabaki na 94. Mpangilio ni ule ule wa dola 20 tulioupata mwanzo, na tofauti kati ya mradi na mradi hazikusogea hata kidogo, maana wote wamepandishiwa bei sawa. Kilichobadilika ni kiasi ambacho kila mradi unabaki nacho, na hilo ni swali tofauti na nani yuko mbele ya nani.

“Ukiweka tozo sahihi, foleni itajipanga yenyewe.”

Huu ndio uongo ninaoupa uzito kuliko wote, kwa sababu mabishano mengi ya tozo katika nchi zetu ni mabishano ya riba yaliyovaa nguo nyingine.

Rudia jedwali lile lile, gharama zile zile, moshi ule ule, ila kiwango cha punguzo kiwe asilimia 14 badala ya 10. Si kiwango cha kutunga. Mwekezaji binafsi anayeingia kwenye nchi yenye hatari ya sarafu na mnunuzi mmoja wa umeme mwenye madeni anaweza kudai zaidi. Bila tozo, makaa sasa ni milioni 78, gesi 56, na jotoardhi imezama hadi hasara ya milioni 59. Hakuna kilichobadilika kwenye kisima wala kwenye turbini. Ni kwamba jotoardhi inalipa sehemu kubwa ya gharama zake mwanzoni na kuvuna baadaye, na asilimia 14 inakula mavuno ya baadaye.

Sasa ongeza dola 20 kwa tani, ile bei iliyoipa jotoardhi ushindi mwanzo. Gesi inashika nafasi ya kwanza ikiwa na milioni 5. Makaa yana hasara ya milioni 53, na jotoardhi ni ya mwisho kabisa, hasara ya milioni 66. Ili jotoardhi iipite gesi kwa riba hii, tozo lazima ifike kama dola 52. Kwa asilimia 10 ilihitaji dola 9. Nukta nne za riba zimeongeza dola 43 kwenye bei ya kupindua.

Hapo ndipo penye siri ya jotoardhi ya Olkaria. KenGen na serikali ya Kenya hawakusubiri tozo ya kaboni. Sehemu kubwa ya mitambo ile ilijengwa kwa mikopo ya masharti nafuu ya mashirika ya maendeleo, na hatari ya kuchimba visima vitupu ilibebwa na umma. Riba ndogo ilifanya kazi ambayo tozo ingefanya kwa gharama kubwa.

Ukikutana na ripoti inayobadilisha tozo kutoka sifuri hadi dola 100 huku kiwango cha punguzo kikiwa kimegandishwa kwenye seli moja, omba jedwali la pande mbili: tozo ikienda chini, riba ikienda kulia. Ndipo utaona foleni ipi ni ya tozo na ipi ni ya benki.

“Nchi yetu haitozi kaboni, kwa hiyo mstari huo ni sifuri.”

Kweli kwenye jedwali moja, uongo kwenye jingine. Tatizo ni kwamba mara nyingi majedwali hayo mawili huwa kwenye faili moja.

Jedwali la kifedha linauliza nani anamlipa nani. Kama hakuna sheria inayotoza, hapo ni sifuri. Jedwali la kiuchumi linauliza mradi unaigharimu jamii kiasi gani, na hapo Benki ya Dunia, kwa mwongozo wake wa 2017, iliweka bei kivuli ya dola 40 hadi 80 kwa tani kwa mwaka 2020, ikipanda hadi 50 na 100 ifikapo 2030. Kwa dola 40 tu, na asilimia 10 yetu ya mwanzo, jotoardhi inabaki na milioni 77, gesi inaingia hasara ya milioni 12 na makaa hasara ya milioni 146.

Kosa linalojirudia ni kuihamisha bei kivuli kwenye hesabu ya uwezo wa kulipa mkopo. Ghafla mtambo wa gesi unaonekana hauwezi kulipa benki, wakati fedha hizo hakuna mtu anayezikusanya. Namna ya kuligundua ni rahisi: fuata mstari wa tozo hadi mwisho uone kama kuna mpokeaji. Kama hana jina, mstari huo haupaswi kugusa ulipaji wa deni.

Hata sheria ikija, soma mkataba wa kuuziana umeme kabla ya kumkata mwekezaji. Mikataba mingi ya mitambo ya mafuta na gesi humbebesha mnunuzi gharama ya mafuta, na kifungu cha mabadiliko ya sheria humpitishia kodi mpya. Ikiwa hivyo, mwenye mtambo wa makaa anabaki na milioni zake 199 hata tozo ikiwa dola 20, na kwenye jedwali lake foleni haijasogea. Iliyosogea ni ya mnunuzi. Kwake uniti ya makaa inatoka senti 9 hadi 10.9, ya gesi inafika 9.74 na ya jotoardhi 9.1. Shirika la umeme likitumia jedwali la mwekezaji kuchagua mradi, litachagua mradi wenye bili kubwa kuliko yote mitatu na kuiweka kwenye mita za wateja.

“Tozo itakayokuja miaka kumi ijayo haina haja ya kuhesabiwa leo.”

Uongo, ila uzito wake ni mdogo kuliko watetezi wake wanavyodai. Tozo ya dola 40 inayoanza mwaka wa 10 na kuendelea hadi wa 25 ina nguvu sawa na tozo ya dola 14.60 inayoanza mwaka wa kwanza. Hiyo ni bei ile ile inayoyaweka makaa na gesi sawasawa kwenye jedwali letu. Sheria ikichelewa mwaka mmoja zaidi, makaa yanarudi mbele ya gesi. Angalia pia kama tozo imeandikwa kwa dola za mwaka huo wakati gharama nyingine zote ni za bei za leo. Mchanganyiko huo unaikuza tozo kwa mfumuko wa bei wa miaka yote ile, na kuna miradi inayoanguka kwa sababu hiyo pekee.

“Nishati jadidifu hailipi tozo.”

Kwa upepo na jua, kweli. Mtambo ukiwa unafanya kazi hauna moshi wa kutozwa. Kwa jotoardhi, pima kwanza. Zile gramu 50 nilizoipa ni za kisima chenye gesi kidogo. Magharibi mwa Uturuki, kwenye mabonde ya Menderes na Gediz, maji ya moto hupita kwenye miamba yenye kaboneti na kupanda yakiwa yamejaa hewa ukaa, na baadhi ya mitambo ya huko imepimwa ikitoa kwa kila uniti kiasi kinachokaribia cha makaa.

Ipe jotoardhi yetu gramu 500 badala ya 50. Tayari inatoa moshi kuliko gesi, kwa hiyo hakuna tozo, iwe dola 20 au 200, itakayoifanya iipite gesi. Kila dola inayoongezwa inaisukuma nyuma zaidi. Makaa itayapita tu tozo ikivuka dola 25, na wakati huo yenyewe iko kwenye hasara. Hewa ukaa ya kisimani hupungua kadiri hifadhi inavyotumika, kwa hiyo namba moja kwa miaka yote 25 inaionea. Lakini namba ya kuanzia haipatikani kwenye kitabu cha viwango vya wastani. Inapatikana kwenye ripoti ya majaribio ya kisima, kwenye safu ya asilimia ya gesi zisizoganda ndani ya mvuke, na mradi ambao bado haujachimba kisima cha majaribio hauna namba hiyo ya kuweka.